Oda ya hisa imejazwa nusu, imefutwa au imetoweka: namna ya kutafuta chanzo

Mwongozo huu ni wa anayenunua na kuuza hisa za Marekani kwa simu au kompyuta, akiwa Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au kwingineko. Malalamiko ni yale yale: oda imetoweka, oda imejazwa nusu, oda inafutwa kila ikitumwa, au hisa zimeingia mara mbili. Mengi yanaanzia kwenye kisanduku kimoja cha fomu ya oda ambacho watu hukiruka, kile kilichoandikwa `Time in Force` au `TIF`. Hapo ndipo unapoamua oda iishi muda gani, na ifanye nini ikifika sokoni ikakuta hisa hazitoshi.

Machaguo ya kawaida ni manne. `DAY` huishi mpaka soko lifunge siku hiyo. `GTC`, yaani Good 'Til Canceled, huendelea siku baada ya siku mpaka ijazwe, uifute mwenyewe, au dalali aifute kwa kanuni zake. `IOC` huchukua papo hapo kilichopo kwa bei yako, kisha hufuta kilichobaki. `FOK` hutaka hisa zote papo hapo. Ikipungua hata moja, oda nzima inakufa bila kununua kitu.

Kwanza soma namba, si neno

Kabla ya kugusa chochote, fungua maelezo ya oda na utafute namba tatu: hisa ulizoagiza, hisa zilizojazwa, na hisa ambazo bado ziko hai sokoni. Kwenye skrini nyingi huitwa `Quantity`, `Filled` na `Remaining`. Neno la hali ya oda, kama `Canceled` au `Filled`, linaeleza jinsi oda ilivyoishia. Halielezi ulichonunua.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote katika mada hii linatokea hapa. Mtu anatuma oda ya `IOC` ya hisa 3,000, anaona `Canceled`, anadhani hakupata kitu, anatuma tena 3,000. Kumbe oda ya kwanza ilijaza 1,100 na kufuta 1,900 zilizobaki. Sasa ana hisa 4,100, na pengine hela ambazo hakupanga kuzitumia zimeshatoka. Anayepata kumbukumbu za ujumbe wa FIX, lugha ya kompyuta ambayo madalali na masoko hutumia kupelekeana oda, ataiona hali hiyo hivi:

```
38=3000  14=1100  151=0  39=4
```

Namba 38 ni kiasi kilichoagizwa, 14 ni kilichojazwa, 151 ni kilicho hai bado, na 39 ni hali ya oda, ambapo 4 maana yake imefutwa. Oda imefutwa, lakini hisa 1,100 ni zako kabisa na zitalipiwa.

Dalili: oda ilikuwepo jana, leo haipo

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni kwamba oda ilikuwa `DAY`. Programu nyingi huweka `DAY` zenyewe usipochagua kitu. Angalia kwenye historia ya oda, si kwenye orodha ya oda hai. Ukikuta `Expired` na saa ya kufungwa kwa soko, umepata jibu.

Saa zenyewe huwachanganya walio Afrika Mashariki. Soko la Marekani hufunguliwa saa 3:30 asubuhi ya New York na kufungwa saa 10:00 alasiri ya huko. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani ikiwa imesogeza saa mbele, kwetu hiyo ni saa 10:30 jioni hadi saa 5:00 usiku. Miezi mingine ni saa 11:30 jioni hadi saa 6:00 usiku. Aliye Muscat aongeze saa moja. Kwa hiyo oda ya `DAY` iliyowekwa saa 4 usiku mwezi wa Julai ina saa moja tu ya kuishi, na iliyowekwa saa 5:15 usiku kwa kawaida husubiri kikao kinachofuata.

Sababu ya pili ni kwamba oda ilikuwa `GTC`, lakini dalali ana ukomo wake. Jina lenyewe linaahidi kwamba oda itaishi hadi uifute, ila madalali wengi huikata baada ya muda fulani, siku 180 kwa baadhi yao, na wengine hukata mapema zaidi usipoingia kwenye akaunti kwa muda mrefu. Tafuta tarehe ya mwisho kwenye maelezo ya oda na uiandike kwenye kalenda yako. Inafaa kujua pia kwamba oda hiyo aghalabu hailali sokoni. Soko la hisa la New York, NYSE, kwa mfano, liliacha kupokea oda za `GTC` Februari 2016. Dalali ndiye anayeitunza na kuipeleka upya kila asubuhi. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye foleni.

Sababu ya tatu hutokea mara chache: kampuni imebadilisha hisa zake. Ikiunganisha hisa nyingi kuwa moja, oda zilizokuwa zinasubiri hufutwa. Ikigawanya hisa moja kuwa mbili, madalali wengine hurekebisha oda ya kununua, kiasi kikaongezeka maradufu na bei ikawa nusu, na wengine hufuta tu. Usiirudishe oda ya zamani kwa bei ya zamani kabla hujasoma tangazo la kampuni.

Dalili: bei ya kikomo kwenye oda ya GTC imebadilika bila wewe kuigusa

Bei ya kikomo ni bei ya juu kabisa unayokubali kulipa ukinunua, au ya chini kabisa unayokubali kupokea ukiuza. Ikibadilika yenyewe, karibu kila mara chanzo ni gawio. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake hutarajiwa kushuka kwa kiasi cha gawio hilo. Kanuni za Marekani zinamtaka dalali apunguze bei ya oda za kununua kwa kikomo na za kuuza kwa kusitisha hasara, ili zisichochewe na mshuko ambao si wa kweli. Ulikuwa na oda ya kununua kwa dola 42.00, gawio ni senti 35, asubuhi unaikuta 41.65. Oda ya kuuza kwa kikomo cha juu haiguswi.

Kama unataka bei yako ibaki palepale, weka alama ya `DNR`, yaani Do Not Reduce, unapoandika oda. Kwa oda iliyokwisha punguzwa, ibadilishe bei mwenyewe, ukijua kwamba kubadilisha bei kunakurudisha nyuma ya foleni. Bei ikibadilika na hakuna gawio wala mgawanyo wa hisa uliotangazwa, usiirekebishe. Ibadili nywila ya akaunti, kisha umpigie dalali, kwa sababu huenda kuna mtu mwingine ameingia.

Dalili: oda ya FOK inauawa kila mara, ingawa skrini inaonyesha hisa zipo

Hapa mfano wa namba unasaidia. Tuseme unataka hisa 3,000 za kampuni ndogo isiyouzwa sana, na hutaki kuzidi dola 12.40. Wauzaji walioko kwenye daftari la oda ni hawa:

```
12.36     700
12.38     400
12.41     900
12.45   1,500
```

Kwa kikomo cha 12.40 unaowafikia ni wawili wa juu tu, jumla hisa 1,100. `FOK` itakufa na kukuachia sifuri. `IOC` itachukua 1,100 na kufuta 1,900. `DAY` na `GTC` zitachukua 1,100, kisha 1,900 zitabaki zimesimama sokoni kwa 12.40 zikimsubiri muuzaji.

Sababu ya kawaida ya kifo cha `FOK` basi ni kuhesabu hisa zote zinazoonekana kwenye skrini, hata zilizo juu ya bei yako. Jumlisha zile tu zilizo ndani ya kikomo. Zikiwa pungufu, una njia mbili: punguza kiasi kiwe 1,100, au pandisha kikomo. Ukipandisha hadi 12.45, `FOK` ya 3,000 itapita: 700 kwa 12.36, 400 kwa 12.38, 900 kwa 12.41 na 1,000 kwa 12.45. Jumla ni dola 37,223, wastani wa kama 12.41 kwa hisa. Kikomo ni dari. Si bei utakayolipa kwa kila hisa. Anayeng'ang'ania 12.40 anaweza kukosa hisa zote kwa tofauti ya dola 23 katika manunuzi ya dola elfu thelathini na saba. Wakati mwingine inafaa kung'ang'ania, lakini piga hesabu kwanza.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Hisa moja ya Marekani huuzwa kwenye masoko mengi kwa wakati mmoja, na skrini yako inaweza kuwa inakuonyesha yote kwa pamoja. Zile 700 ziko soko moja, zile 400 ziko jingine. Oda ya `FOK` ikipelekwa kwenye soko moja, inapimwa kwa kilichoko pale tu. Soko hilo halina 1,100, basi inauawa, ingawa ukijumlisha zinafika. Dalili yake ni hii: `FOK` ya hisa 1,100 inakufa, lakini `IOC` ya kiasi kile kile na bei ile ile inajaa yote, kwa sababu `IOC` inaweza kugawanywa na kupelekwa kila mahali.

Sababu ya tatu ni kasi. Hisa ulizoziona zimeshachukuliwa au kuondolewa kabla oda yako haijafika. Kama bei zako za skrini zimecheleweshwa dakika 15, jambo ambalo ni la kawaida kwa akaunti zisizolipia bei za papo hapo, unapiga hesabu kwa daftari lisilokuwepo tena. Tafuta neno `Delayed` karibu na bei.

Usijaribu `FOK` ile ile mara kumi mfululizo ukitumaini. Ikifa mara mbili, badilisha kiasi, bei au aina ya oda. Na kama unachotaka ni kusubiri mpaka zote zipatikane kwa pamoja, `FOK` si chombo chako, maana haisubiri. Tafuta `AON`, yaani All or None, kwa dalali anayeitoa: hiyo hukaa ikingoja, ila walio na oda za kawaida hujazwa mbele yako.

Dalili: bei ilifika kwenye kikomo changu, lakini nimejazwa kidogo tu au sijajazwa kabisa

Rudi kwenye zile hisa 1,900 zilizosimama kwa 12.40. Kikao kikiendelea, bei inaonyesha 12.40 mara kadhaa, nawe umepata 300 tu. Watu wengi hapa humshuku dalali. Kwa kawaida ni foleni. Soko hutoa kipaumbele kwa bei bora kwanza, na kwa walio na bei moja, aliyetangulia. Kama waliokuwa mbele yako kwa 12.40 walikuwa wanataka hisa 5,000 na walioamua kuuza kwa bei hiyo walileta 4,000, hakuna kilichokufikia, ingawa bei uliiona kwa macho yako.

Angalia kiasi kilichouzwa kwa bei hiyo hasa baada ya oda yako kuingia, si kiasi cha siku nzima. Kisha jiulize kama ulijitoa mwenyewe kwenye foleni. Kubadilisha bei hukurudisha mwisho. Kuongeza kiasi vilevile. Kupunguza kiasi, kwa kawaida, hakukunyimi nafasi yako. Na kwa kuwa `GTC` nyingi hupelekwa sokoni upya kila asubuhi, nafasi uliyoipata jana haikusubiri. Kila siku unaanza foleni pamoja na wengine. Mwenye kuhitaji hisa hizo kweli atasogeza bei senti moja juu. Kwa 1,900 hiyo ni dola 19.

Chanzo kingine ni kwamba bei ilifika nje ya kikao cha kawaida. Soko la kabla ya kufunguliwa na la baada ya kufungwa lina biashara zake, na mchoro wa bei huzionyesha, lakini `DAY` na `GTC` za kawaida hazishiriki humo isipokuwa umeruhusu kwa alama ya saa za ziada. Linganisha saa ya biashara uliyoiona na saa za kikao.

Kuna hali moja ambayo foleni haiielezi: hisa zimeuzwa kwa bei bora kuliko yako, mfano 12.37, ndani ya kikao cha kawaida, huku oda yako ya kununua kwa 12.40 ikiwa hai. Chukua picha ya skrini yenye saa, andika namba ya oda, na umwombe dalali maelezo kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Dalili: ada imekuwa kubwa kuliko nilivyotegemea

Kujazwa vipande vipande ndani ya siku moja kwa oda moja mara nyingi hakuongezi ada. Tatizo huja oda ikivuka siku. Madalali kadhaa wenye ada ya chini kwa kila oda huihesabu `GTC` iliyolala kama oda mpya asubuhi yake. Ada ya chini ikiwa dola 1, nawe ukajazwa 40, kisha 25, kisha 60 kwa siku tatu, unalipa dola 3 kwa hisa 125. Kwa oda kubwa hilo ni dogo. Kwa hisa chache za bei rahisi, ni hasara inayohesabika. Soma jedwali la ada, na kama kanuni ni hiyo, tumia `DAY` na uamue upya kila jioni.

Dalili: nilifuta oda, lakini imejazwa, au nimenunua mara mbili

Kubonyeza kufuta ni ombi. Ombi linasafiri kwa dalali, kisha sokoni, na njiani oda bado iko hai. Hali huonekana kama `Pending Cancel`, na katika muda huo hisa zinazojazwa ni halali. Anayetuma oda mpya kabla ya kuona `Canceled` anaziweka oda mbili sokoni kwa pamoja.

Utaratibu salama ni huu. Bonyeza kufuta, subiri neno `Canceled`, kisha soma `Filled`. Toa hiyo namba kwenye kiasi ulichotaka mwanzo, na ile tofauti ndiyo kiasi cha oda mpya. Ulitaka 3,000, imejazwa 1,400, basi oda mpya ni 1,600. Kama lengo ni kubadilisha bei tu, tumia kitufe cha kurekebisha oda badala ya kufuta na kuandika upya, kwa sababu mfumo wenyewe utatoa hesabu ya zilizokwisha jazwa. Hata hivyo soma fomu: kwenye programu nyingine kiasi unachoandika ni cha jumla, kwenye nyingine ni cha kilichobaki.

Kwa upande wa kuuza hatari ni kubwa zaidi. Una hisa 3,000, umeuza 1,100, ukatuma oda mpya ya kuuza 3,000. Kwenye akaunti ya fedha taslimu itakataliwa. Kwenye akaunti ya mkopo inaweza kupita, nawe ukajikuta una deni la hisa 1,100. Ukiona kiasi chenye alama ya kutoa kwenye akaunti yako, acha kutuma oda, futa zote zilizo hai, kisha mpigie dalali kabla soko halijafungwa.

Usiendelee peke yako katika hali hizi

`Pending Cancel` ikibaki dakika kadhaa soko likiwa wazi, programu haijui hali ya oda yako. Usitume nyingine. Dalali anaweza kuuliza soko moja kwa moja, nawe unapaswa kumpa namba ya oda, alama ya hisa, kiasi na saa. Fanya hivyo pia namba za oda zisipolingana na hisa zilizoko kwenye akaunti. Tangu tarehe 28 Mei 2024 malipo ya hisa za Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo kosa likiachwa hadi wiki ijayo limeshalipiwa.

Oda ya hisa 10,000 au ya dola 200,000 na zaidi huhesabiwa Marekani kuwa ya mafungu makubwa. Kabla ya kuitupa yote kwa kitufe kimoja, na hasa kwa hisa isiyouzwa sana, piga simu kwa watu wa dalali wanaoshughulikia oda kubwa. Wao huikata vipande na kuipeleka taratibu bila kuonyesha ukubwa wake wote.

Na ukijazwa kwa bei iliyo mbali kupita kiasi na ya soko, kuna njia ya kuomba biashara ifutwe, lakini masoko huhitaji ombi ndani ya dakika 30 tangu ijazwe, na anayeliwasilisha ni dalali. Barua pepe haitoshi. Piga simu, taja namba ya oda, useme kwamba unaomba biashara hiyo ipitiwe kama kosa la wazi, na uandike saa uliyopiga.